Upande wa Nyuma wa Chupa

Kwa miaka thelathini na mmoja Bwana Gramu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwenye duka aliyefurahi kumwona akiingia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo ni kilo na lita ni lita. Alikuwa akifika na sanduku lake la mbao lenye mawe ya shaba, ananyanyua mfuko wa sukari kutoka rafuni, anaupima, anaandika, ndipo anasalimia. Jina la Bwana Gramu alipewa na wenye maduka, na hakulikataa. Alisema ni kipimo halali.

Mkewe husimulia kwamba siku ya harusi yao aliipima keki kabla haijakatwa. Ilipungua gramu mia mbili. Mwokaji alikaa kwenye sherehe nzima amenuna, na picha ipo.

Alipostaafu wenzake walimmwagia sifa nyingi na kumpa saa ya ukutani. Aliilinganisha na redio, akakuta inachelewa dakika moja kwa wiki, akairekebisha kila Jumamosi bila kinyongo. Kustaafu hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni umri. Baba yake alianguka bafuni akiwa na miaka sitini na miwili, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu bado ina povu, na waliombeba ni Bwana Gramu na mdogo wake. Daktari alisema ni moyo, mishipa imeziba. Tangu hapo, katika familia ile, sitini na miwili ilitajwa kama kituo cha ukaguzi ambacho kila mtu atakipita na wengine watazuiwa. Bwana Gramu alikuwa na miaka sitini na mmoja na miezi minne. Mdogo wake, fundi makochi, alikuwa na hamsini na minane na aliamini bado ana muda.

Walikwenda kupima damu pamoja, kwa amri ya wake zao. Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia fundi makochi kwamba kolesteroli yake mbaya iko juu sana, na presha nayo inapanda, kwa hiyo aanze vidonge siku hiyohiyo. Kisha akamgeukia kaka mtu.

"Wewe mzee, yako ni nne nukta tatu. Iko juu, lakini nakupa miezi mitatu. Tembea, punguza vya kukaanga, punguza mafuta yaliyoshiba. Ikishindikana na wewe utaanza vidonge."

Bwana Gramu aliandika kwenye kijitabu chake: kolesteroli, nne nukta tatu, miezi mitatu. Yale maneno ya mafuta yaliyoshiba hayakuingia kijitabuni. Hayakuwa na namba.

Kutoka kliniki alipitiliza dukani, kwenye rafu ya mafuta ya kupikia. Alisimama pale kwa dakika arobaini, mikono nyuma, kama zamani. Nyumbani kwake walipikia mafuta ya alizeti kwa miaka mingi, ya chupa isiyo na madaha: jina, ujazo, picha ya ua. Pembeni yake palikuwa na chupa nyingine, pana mabegani, yenye moyo mwekundu na maandishi makubwa ndani ya moyo huo: HAINA KOLESTEROLI.

Hapa ndipo ujuzi wa miaka thelathini na mmoja ulipofanya kazi yake. Katika kazi ya vipimo, kitu ambacho mwenye bidhaa hakukitamka ndicho anachokificha. Mfuko usioandikwa uzito una upungufu. Chupa isiyoandikwa ujazo imepunjwa. Chupa ya alizeti haikutamka lolote juu ya kolesteroli. Kwa hiyo, Bwana Gramu akahitimisha, inayo, tena ya kutosha, ndiyo maana wako kimya. Alijisikia amemkamata mtu. Alirudi nyumbani na chupa mbili za moyo mwekundu, na ile ya alizeti iliyobaki jikoni akaitoa nje kwa ncha za vidole.

"Miaka yote hii tumekuwa tunakula sumu," alimwambia mkewe, "na hakuna aliyesema."

Mkewe aliitazama chupa mpya, akaiweka dirishani penye mwanga. "Mzee, daktari si alisema tupunguze mafuta? Hakusema tubadilishe chupa."

"Alisema tupunguze kolesteroli. Hii haina. Huwezi kupunguza kitu ambacho hakipo. Hata kuongeza huwezi."

Kutokana na hesabu hiyo, kwa kuwa sifuri ukiizidisha mara kumi bado ni sifuri, nyumba ile ikaingia katika miezi mitatu ya kukaanga. Mtu aliyekuwa akila mayai ya kuchemsha alikula ya kukaanga. Viazi vilikaangwa, biringanya zilikaangwa, samaki alielea. Mkewe alikuwa anapima mafuta kwa kijiko. Yeye alishika chupa mwenyewe na kumimina kwa moyo mkunjufu, na mtu aliyewahi kumnyima usingizi mwokaji kwa gramu mia mbili hakupima hata tone. Asubuhi za baridi mkewe aligundua kwamba mafuta yale yanafanya ukungu mweupe chini ya chupa, kama yanataka kuganda. Alizeti haikuwahi kufanya hivyo. Alimwita mumewe aone.

"Baridi hiyo," alisema Bwana Gramu. "Hata wewe huamki vizuri."

Na kwa vile yeye ndiye mkubwa, na ndiye mwenye taaluma, alikwenda hadi karakana ya mdogo wake na chupa mkononi, akamweleza habari yote mbele ya wateja wawili na kochi lililokuwa halina mgongo. Fundi makochi alikuwa mtu wa kumsikiliza kaka yake tangu utotoni. Kaka akisema mvua inakuja, yeye anaanua nguo kwanza, halafu ndiyo anatazama mbingu.

"Lebo haiwezi kudanganya?" aliuliza tu.

"Wakidanganya nitawajua," alisema Bwana Gramu. "Tumia hii, na hakuna kitakachoingia."

Miezi mitatu ilipotimia, alirudi kliniki amevaa shati jeupe. Alikuwa na hakika kiasi cha kumwambia muuguzi, wakati sindano iko mkononi, kwamba siku hiyo wataona mambo. Waliyaona. Daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Nne nukta tisa."

"Mashine yenu ilikaguliwa lini?" aliuliza Bwana Gramu.

Daktari alimwonyesha kibandiko pembeni ya mashine. Ilikaguliwa wiki mbili zilizopita. Bwana Gramu aliitazama sahihi, akaifahamu. Ilikuwa ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

"Mzee, vidonge tunaanza leo," daktari alisema. "Lakini nieleze kwanza, unakula nini?"

Hakumweleza. Alipokea pakiti ya vidonge, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na hakuifungua. Kuimeza kungekuwa kukubali namba, na namba ile hakuikubali. Maana kama mashine ni nzima na muuguzi ni mzima, basi mwongo amebaki mmoja tu, naye ana moyo mwekundu kifuani. Alishuka ngazi za kliniki akiwa na hasira nzuri, hasira ya kazini, ambayo hakuwa ameipata tangu astaafu. Kwa kweli siku hiyo alitembea zaidi kuliko miezi mitatu yote.

Katika maabara ya serikali, ghorofa ya pili, bado alikuwepo mkemia waliyefanya naye kazi miaka mingi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Bwana Gramu aliweka mezani chupa ya moyo mwekundu, na pembeni yake chupa ya alizeti ambayo alikwenda kuinunua tena kwa ajili ya ulinganisho. Alikuwa amezifunga kwa lakiri, kwa mazoea.

"Nataka uniambie kuna kolesteroli kiasi gani humu," alisema. "Nitawafikisha mbali."

Mkemia aliitazama chupa, kisha akamtazama yeye. "Unataka nipime kolesteroli kwenye mafuta ya mimea?"

"Zote mbili."

"Bwana Gramu, naweza kukuandikia jibu hata sasa hivi, chai ikiwa bado ya moto."

"Pima."

Alipima, kwa heshima ya zamani. Bwana Gramu alirudi siku ya tatu, akakaa kwenye benchi la korido akiwa na kalamu tayari. Karatasi aliyoletewa na mkemia, pamoja na chupa zake mbili, ilikuwa na mistari miwili. Chupa ya moyo mwekundu: haikuonekana. Chupa ya alizeti: haikuonekana.

Aliusoma mstari wa pili kwa muda mrefu.

"Hii ya alizeti haijaandika kwamba haina," alisema.

"Haina vilevile. Na ya karanga haina, na ya ufuta haina, na ya mahindi haina. Kolesteroli inatengenezwa na miili ya wanyama, na sisi tukiwemo. Iko kwenye nyama, kwenye maziwa, kwenye kiini cha yai. Mmea unazo chembe za kutafuta kwa tochi, kidogo sana hata mashine yangu haizioni. Kuandika kwenye mafuta ya mimea kwamba hayana kolesteroli ni kama kuandika kwenye kiti kwamba hakiumwi meno."

"Kwa hiyo lebo ni ya kweli."

"Kweli tupu."

"Basi kwa nini waandike?"

Mkemia alivua miwani, ikabaki inaning'inia. "Ili anayesoma adhani chupa za jirani zinayo."

Katika korido mtu alipita na mkokoteni wa chupa tupu, zikagongana njia nzima. Bwana Gramu alikuwa amekaguliwa na kukutwa na upungufu, na kitu kilichomkagua ni kibandiko.

"Lakini kolesteroli yangu imepanda," alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya kazini. "Kama haikutoka humu, imetoka wapi?"

"Imetoka kwako. Ini lako ndilo linatengeneza nyingi ya hiyo kolesteroli, na ndilo linaiondoa kwenye damu. Ukilipatia mafuta mengi yaliyoshiba, yale yenye tabia ya kuganda, linazembea kuiondoa ile mbaya, inabaki inazunguka kwenye mishipa. Hebu geuza chupa."

"Nigeuze?"

"Upande wa nyuma."

Ni lazima isemwe hapa, kwa haki yake, kwamba Bwana Gramu hakuwa mvivu wa kusoma. Ila uzito na ujazo huandikwa mbele. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya bidhaa, akasoma mbele, akapima, akaenda zake. Upande wa nyuma ulikuwa wa idara nyingine, na yeye hakuwa mtu wa kuingilia kazi za watu. Aligeuza chupa ya moyo mwekundu. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Akavaa miwani ya mkemia.

Yaliyomo: mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Katika kila gramu mia moja, mafuta yaliyoshiba, gramu arobaini na nne.

Aligeuza ya alizeti. Mafuta yaliyoshiba, gramu kumi na moja.

"Mara nne," alisema.

"Mara nne. Na soma pale juu, nguvu."

Nguvu zilikuwa sawa kwenye chupa zote mbili: kilokalori mia tisa kwa gramu mia. Mafuta ni mafuta, mkemia alisema. Hata yale mazuri ukiyamimina kama maji yatakunenepesha. Kisha akamuuliza, kwa upole ambao ulimchoma, alikuwa anatumia kiasi gani kwa siku.

Bwana Gramu alifungua mdomo ataje namba. Hakuwa nayo. Mtu ambaye angeweza kukwambia uzito wa keki ya harusi yake hakujua alikuwa amemimina nini tumboni mwake kwa siku tisini.

Alishukuru. Alifika nyumbani, akamkuta mkewe anakata vitunguu, akaweka chupa ya alizeti mezani na kijiko kimoja cha chai pembeni yake. Mkewe aliangalia kijiko, akaangalia chupa. Kuna wanawake ambao wangesema kitu. Huyu alikata vitunguu vyake hadi mwisho, akaosha kisu, akakifuta, ndipo akasema, "Ule ukungu wa asubuhi."

"Ndiyo," alisema Bwana Gramu.

"Nilidhani ni baridi."

"Yalikuwa yanaganda. Ndiyo hayo yenyewe."

"Mdogo wako umemwambia?"

Alikuwa hajakaa bado. Alichukua kofia.

Karakana ya fundi makochi ilikuwa nyuma ya soko, imejaa sponji na harufu ya gundi. Mdogo mtu alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo mdomoni, anavuta kitambaa. Alipomwona kaka yake aliitema misumari kiganjani na kutabasamu.

"Shikamoo kaka. Nilitaka nije kwako leo."

"Marahaba. Unatumia yale mafuta bado?"

"Kaka! Nyumba nzima. Shemeji yako alikuwa anabana, nikamwambia, mimina, kaka ameshayakagua." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Na nikwambie jambo. Vile vidonge nimeviacha."

Bwana Gramu alikalia ukingo wa kochi, pale ambapo kitambaa kilikuwa hakijafika na mbao ziko wazi.

"Umeviacha lini?"

"Mwezi wa pili sasa. Vilikuwa vinanichosha, na nikasema, kwa nini nitoe maji kwenye mtumbwi usiovuja? Si ulisema hakuna kitakachoingia?" Alivuta mtoto wa meza. Ndani, katikati ya vifungo vya makochi, pakiti ilikuwa imelala, nusu ya vidonge bado vimo. "Kifua kinabana kidogo nikipanda ngazi na kochi, lakini hizo ni kazi."

Bwana Gramu aliona povu. Aliliona wazi kabisa, upande mmoja wa kidevu, na akaona tena uzito wa yule mzee mikononi mwao, yeye ameshika mabega na mdogo wake ameshika miguu. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo kwa ajili ya namba yake mwenyewe.

"Nilikosea," alisema.

Fundi makochi aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Nilikosea, bwana mdogo. Mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli. Hata yale tuliyotupa. Lebo haikudanganya, mimi ndiye nilijidanganya, halafu nikakuletea na wewe. Haya ni mawese, yana yaliyoshiba mara nne ya alizeti, na yale ndiyo yanayopandisha kolesteroli ya damu. Yangu imepanda. Yako sijui, na sitaki kukaa bila kujua. Funga karakana, twende kliniki sasa hivi. Na hicho kifua ukamwambie daktari kabla hata hujakaa."

"Mteja anakuja kuchukua kochi saa kumi."

"Atakaa chini."

Mdogo mtu alimtazama kaka yake, kisha akaitazama pakiti ndani ya mtoto wa meza. Akaichukua, akaigeuzageuza kama anayetafuta mahali pa kuifungulia. "Na hivi?"

Bwana Gramu alimnyang'anya pakiti, akaigeuza nyuma, akasoma kila neno: dozi, tarehe ya mwisho, jina la kiwanda, halijoto ya kuhifadhia. Ilichukua muda. Kisha akaitia mfukoni waende nayo kwa daktari, na alipofanya hivyo mkono wake ukagusa pakiti ya pili, ya kwake, iliyokuwa haijafunguliwa. Akaitoa. Mdogo wake akaiona.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Hujameza hata kimoja."

"Hata kimoja."

Fundi makochi alifuta kikombe kwa upindo wa shati, akajaza maji kutoka kwenye ndoo, akampa kaka yake. Bwana Gramu akafungua pakiti, akameza kidonge chake, akanywa maji yote. Mdogo wake alisimama mbele yake hadi alipomaliza, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Walifunga mlango. Njiani walitembea taratibu kwa sababu ya kifua, Bwana Gramu amemshika mwenzake kiwiko na kujifanya hajamshika. Walipofika kwenye kona ya kliniki fundi makochi akasimama kupumua.

"Kaka."

"Nini? Kinauma?"

"Hapana. Lile neno ulilosema pale karakana."

"Lipi?"

"Lile la kwanza. Miaka hamsini na minane sijawahi kulisikia kwako. Hebu lirudie, nisije nikafa nadhani niliota."

Bwana Gramu aliitazama ngazi ya kliniki. Ilikuwa na vidato kumi na vinne, alishavihesabu.

"Nilikosea," alisema. "Haya, panda. Polepole."